Uvimbe kwenye matiti ya mbwa jike: upi ni saratani, upi siyo, na kwa nini umri wa kuhasiwa una uzito

Mbwa wengi wa kike katika majumba na mashamba yetu hapa Pwani ni walinzi. Hufungwa mchana, hufunguliwa usiku, na chakula husukumiwa kwa sahani. Wengi wetu hatuwashiki, ama kwa ajili ya twahara ama kwa mazoea tu. Mazoea hayo yana natija moja ambayo madaktari wa mifugo wanaijua vyema: kinachoota chini ya tumbo la mbwa huonekana kikishakuwa kikubwa, kikishaanza kuning'inia au kutoa maji. Hapo mwenyewe huambiwa kuwa ni maziwa yaliyoganda, au jipu, au mbwa ameumwa na mdudu, na miezi mingine mitatu hupita.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Uvimbe kwenye matiti ndio uvimbe unaowapata zaidi mbwa wa kike wasiohasiwa, na muda huo unaopotea ndio unaoamua kama mbwa ataishi au la. Makala haya yanataka kujibu maswali mawili ambayo kila mwenye mbwa huuliza. La kwanza, nitajuaje kama uvimbe huu ni saratani? La pili, je, ungeweza kuzuiwa?

Tuanze na umbile lenyewe. Mbwa jike kwa kawaida ana matiti kumi, matano kila upande, yaliyopangwa mistari miwili kuanzia kifuani hadi kinenani. Wengine huwa na manane au kumi na mawili. Mawili ya mwisho ya kila upande, yaliyo karibu na miguu ya nyuma, ndiyo makubwa kuliko mengine, na ndiyo yanayoota uvimbe mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mtu akiwa na dakika moja tu ya kumchunguza mbwa wake, aanzie huko nyuma.

Sababu kubwa ya uvimbe huu ni homoni za kike. Mbwa jike huingia kwenye joto mara ya kwanza akiwa na miezi sita hadi kumi hivi, na wale wa miili mikubwa huweza kuchelewa kupita mwaka. Baada ya hapo joto hurudi kila baada ya miezi sita au saba. Sasa hapa ndipo mbwa anapotofautiana na mwanadamu. Kila joto linapokwisha, ovari za mbwa huendelea kutoa homoni ya projesteroni kwa muda wa karibu miezi miwili, awe amepata mimba au hakupata. Homoni hiyo huyaamrisha matiti yakue na yajiandae kunyonyesha watoto ambao huenda hawapo. Ndiyo maana baadhi ya majike huvimba matiti, hata hutoa maziwa, bila ya kuzaa.

Hebu tupige hesabu. Jike aliyeanza joto akiwa na miezi tisa, na linarudi kila miezi saba, akifika umri wa miaka tisa atakuwa amepitia joto kama mara 15. Ukizidisha kwa miezi miwili, unapata zaidi ya miaka miwili ambayo chembe za matiti yake zimekuwa zikisukumwa zigawanyike na kukua. Kila chembe inapogawanyika kuna nafasi ya kukosea, na makosa hayo yakirundikana ndipo uvimbe huanza. Hii ndiyo sababu ugonjwa huu ni nadra kwa mbwa aliye chini ya miaka mitano, na huonekana zaidi kwa walio na miaka minane hadi kumi na kuendelea.

Ni wangapi wanaopatwa? Nchi ya Uswidi ni mfano mzuri, kwani watu wa huko kwa miaka mingi hawakuwa na desturi ya kuhasi mbwa, na mbwa wao wengi wana bima, hivyo kumbukumbu za magonjwa zipo. Hesabu za bima hizo zilionyesha kuwa majike wanapofikisha miaka kumi, karibu 13 katika kila 100 walikuwa wameshatibiwa angalau mara moja kwa uvimbe wa matiti. Hapa kwetu mbwa wengi nao hawahasiwi, na ovari za mbwa wa Likoni hazifanyi kazi tofauti na za mbwa wa Stokholmu.

Tuje kwenye swali la kwanza. Uvimbe wa matiti ya mbwa una sura mbili. Kuna ule usio wa saratani, ambao hukua pale pale ulipo, husukuma nyama za jirani lakini hauziingilii, wala hausafiri kwenda kwingine. Na kuna ule wa saratani, ambao hujipenyeza katika ngozi na misuli, kisha chembe zake hufuata njia za limfu na damu mpaka kwenye tezi za kwapa au kinena, na kutoka hapo hadi mapafuni. Kwa hesabu ya jumla ambayo madaktari huifuata, karibu nusu ya uvimbe wa matiti ya mbwa ni wa saratani na nusu siyo. Kwa maneno mengine, ukimwona mbwa ana uvimbe, huna haki ya kukata tamaa, na wala huna haki ya kulala usingizi.

Zipo dalili zinazoelekeza upande mmoja au mwingine. Uvimbe mdogo, wenye ukingo unaoeleweka kama gololi, unaoteleza chini ya vidole unapousukuma, na ambao haukubadilika kwa miezi mingi, huelekea kuwa si wa saratani. Ule unaokua upesi, wenye umbo lisilo na mpaka, ulioshikamana na ngozi au na misuli kiasi kwamba hausogei, na hasa uliopasuka na kuwa kidonda, huelekea kuwa wa saratani. Tezi ya kinena ikiwa imevimba na kuwa ngumu, au mguu wa nyuma ukivimba kwa sababu maji ya mwili yamezibiwa njia, jambo limeshakuwa zito. Mbwa akianza kukohoa, kukonda, au kuhema kwa shida bila ya kukimbia, huenda saratani imeshafika mapafuni.

Lakini dalili hizi ni za kuelekeza tu. Kidole cha daktari, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini, hakiwezi kuhukumu. Uko uvimbe mdogo unaoteleza vizuri ambao maabara hukuta ni saratani, na uko mkubwa wa kutisha ambao si saratani hata kidogo. Hata ile njia ya kuchoma sindano nyembamba na kufyonza chembe ili ziangaliwe kwa hadubini ina mipaka yake hapa. Husaidia kujua kama uvimbe ni wa mafuta tu, au ni usaha wa titi lililoambukizwa, au ni aina nyingine ya saratani ya ngozi. Ila kutenganisha uvimbe wa titi wa saratani na usio wa saratani kunahitaji kuona jinsi chembe zilivyojipanga na kama zimevuka mpaka wake, na hilo huonekana pale tu uvimbe unapotolewa, ukakatwa vipande vyembamba na kutazamwa na mtaalamu wa maabara.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba uvimbe usio wa saratani si lazima ubaki hivyo. Wachunguzi wa maabara wamekuta mara kwa mara, ndani ya uvimbe mmoja, sehemu ambayo bado si saratani na sehemu nyingine iliyokwisha kugeuka. Na kadiri uvimbe unavyokuwa mkubwa ndivyo uwezekano wa kukutwa umegeuka unavyozidi. Ndiyo maana ukubwa una maana sana katika ugonjwa huu. Mpaka unaotumiwa ni sentimita 3. Mbwa aliyetolewa saratani ikiwa chini ya hapo, tezi zikiwa bado safi, ana matumaini mazuri ya kupona kwa kisu peke yake. Kati ya sentimita 3 na 5 matumaini hupungua, na ikizidi 5 hupungua zaidi. Ukitaka kipimo cha nyumbani, kifuniko cha chuma cha chupa ya soda kina upana wa takriban sentimita 3. Uvimbe uliofikia kifuniko hicho umeshafika mpakani.

Kumbuka pia kwamba macho hudanganya katika ukubwa. Uvimbe wa sentimita 2 ukiwa wa sentimita 4, mtu husema umeongezeka mara mbili. Huo ni upana. Ujazo wake, yaani wingi wa chembe zilizomo ndani, umeongezeka mara nane.

Sasa tuchukue mfano tuufuate hatua kwa hatua, ili mambo haya yakae pamoja. Tuseme kuna jike anaitwa Shani, mlinzi wa shamba la minazi upande wa Mtwapa. Ana miaka tisa na uzito wa kilo 20. Amezaa mara mbili na hajahasiwa. Kijana anayemlisha amegundua kitu kigumu karibu na mguu wa nyuma wa kushoto, na mwenye shamba amemleta kwa daktari.

"Daktari, si maziwa haya? Ameonyesha joto mwezi wa tatu."

"Maziwa huja na kuondoka, mzee wangu. Hiki kimekaa tangu lini?"

"Kijana anasema tangu mfungo wa Ramadhani."

Daktari anamlaza Shani ubavu na kuyapitia matiti yote kumi, moja baada ya moja, kwa kulifinya polepole kati ya kidole gumba na vidole vingine. Halitazami lile moja tu aliloonyeshwa, kwa sababu mbwa wengi wenye uvimbe mmoja huwa na mwingine. Kwa Shani anakuta vitatu. Titi la tano la kushoto lina uvimbe wa sentimita 4, mgumu, umeshika ngozi. Titi la nne upande huo huo lina wa sentimita 1 na nusu, unaoteleza. Titi la tatu la kulia lina kipele kama punje ya choroko. Anaandika vipimo vyote kwenye karatasi, kisha anapapasa tezi za kinena na kwapa. Ya kinena cha kushoto inashikika kidogo.

Hatua ya pili ni picha ya eksirei ya kifua, kabla ya kisu. Hupigwa mbwa akiwa amelala ubavu wa kulia, wa kushoto, na chali au kifudifudi, kwa sababu doa lililo kwenye pafu la chini hujificha. Picha ikionyesha mapafu yana madoa ya mviringo, kukata matiti hakutamponya, na mazungumzo hubadilika yakawa ya kumpunguzia maumivu. Ikiwa safi, ni habari njema yenye mpaka, maana madoa madogo sana, ya milimita chache, eksirei haiyaoni. Picha ya Shani ni safi. Damu yake pia inapimwa ili kujua kama ini na figo zitastahimili dawa ya usingizi.

Siku ya upasuaji daktari anaanza kwa kumhasi, yaani kutoa ovari na mji wa mimba, wakati vifaa bado havijagusa uvimbe, ili asizipeleke chembe za saratani ndani ya tumbo. Kisha anaondoa titi la nne na la tano la kushoto pamoja, na tezi ya kinena pamoja nayo, akiacha ukingo wa nyama nzima wa karibu sentimita 2 kuzunguka ule uvimbe mkubwa. Kipele cha upande wa kulia anakiondoa peke yake. Katika mbwa, kuondoa mstari mzima wa matiti wakati uvimbe uko sehemu moja hakumwongezei maisha ukilinganisha na kuondoa sehemu iliyoathirika pekee, mradi kingo ziwe safi. Ila mstari mzima huhitajika pale uvimbe unapokuwa umetapakaa kwenye matiti mengi.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Nyama iliyokatwa hutupwa, na mwenye mbwa huambiwa kazi imekwisha. Asipopelekewa mtaalamu wa maabara, hakuna atakayejua kilichotolewa ni nini. Kila uvimbe unatakiwa uwekwe katika chombo chake, kilichoandikwa titi na upande, ndani ya formalini iliyo mara kumi ya ujazo wa nyama yenyewe, kisha upelekwe maabara. Kutoka Pwani mara nyingi hiyo huwa ni safari ya Nairobi, katika maabara kama zile za Kabete. Muulize daktari wako kabla ya upasuaji kama atapeleka, na gharama yake ihesabiwe tangu mwanzo. Vyombo vikiwa vitatu na pesa za kimoja tu, apeleke ule uvimbe mkubwa kwanza, na wengine wahifadhiwe katika formalini.

Majibu ya Shani tuseme yamekuja hivi. Ule wa sentimita 4 ni saratani ya daraja la kwanza, kingo safi, tezi haina chembe za saratani. Wa sentimita 1 na nusu si saratani. Kipele cha choroko nacho si saratani. Angalia vile vitatu vilikuwa ndani ya mbwa mmoja na kila kimoja kina hukumu yake. Kama daktari angepeleka kile kidogo peke yake, mwenye shamba angerudi nyumbani akidhani Shani hana saratani. Daraja ni kipimo cha ukali: la kwanza ni chembe ambazo bado zinafanana na za titi la kawaida, na la tatu ni chembe zilizoasi kabisa na zinazogawanyika ovyo. Daraja la kwanza, kingo safi na tezi safi ni majibu mazuri kuliko yalivyotarajiwa kwa uvimbe wa ukubwa ule. Shani atarudi kukaguliwa kila miezi mitatu au minne katika mwaka wa kwanza, na picha ya kifua itarudiwa.

Ipo sura moja ya ugonjwa huu inayohitaji kutajwa peke yake, kwa kuwa huwapotosha hata wataalamu. Matiti kadhaa huvimba kwa pamoja ndani ya siku chache, yakawa ya moto, mekundu, magumu kama ubao, na mbwa hataki kuguswa. Ukimwona utadhani ni maambukizi ya titi, na mara nyingi hupewa antibiotiki. Jiulize: je, amezaa au amenyonyesha wiki za karibuni? Maambukizi ya titi huwa zaidi kwa mbwa mwenye maziwa. Ikiwa ni jike mzee asiye na watoto, na dawa haikuleta nafuu kwa siku chache, huenda ni ile saratani ya matiti inayowaka kama uchochezi. Hii ndiyo kali kuliko zote. Kwa hii kisu hakishauriwi, kwa kuwa saratani imeshatapakaa katika mishipa ya limfu ya ngozi, na jeraha halifungi. Linalobaki ni kumtuliza maumivu, na mara nyingi kumpumzisha kabla hajateseka sana.

Tuje sasa kwenye swali la pili, la kuzuia. Takwimu inayonukuliwa dunia nzima ilitoka Kalifonia mwaka 1969. Watafiti watatu, Schneider, Dorn na Taylor, walilinganisha majike waliopata saratani ya matiti na wasioipata, wakaangalia nani alihasiwa na lini. Walikuta kwamba aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza alikuwa na asilimia 0.5 ya hatari aliyonayo asiyehasiwa. Aliyehasiwa baada ya joto moja alikuwa na asilimia 8, na baada ya joto la pili au zaidi asilimia 26. Kwa waliohasiwa wakiwa wamepita miaka miwili na nusu, faida haikuonekana.

Takwimu hizi husomwa vibaya mara nyingi. Watu husema jike aliyehasiwa baada ya joto la pili ana uwezekano wa asilimia 26 wa kupata saratani. Sivyo. Ni asilimia 26 ya hatari ya mwenzake ambaye hakuhasiwa. Ili ieleweke, ichukue hatari ya asiyehasiwa uiite shilingi 1,000. Aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza anadaiwa shilingi 5. Baada ya joto moja, shilingi 80. Baada ya mawili au zaidi, shilingi 260. Deni hupanda upesi katika miaka ile miwili ya mwanzo, kwa sababu wakati huo ndipo matiti machanga yanapopokea homoni kwa mara ya kwanza.

Ni haki pia kusema kwamba utafiti ule ulikuwa wa kundi dogo. Mwaka 2012 wataalamu wa Uingereza walipitia tafiti zote za aina hii na kusema kuwa ushahidi wa kuhasi kupunguza uvimbe huu ni dhaifu kuliko unavyosemwa. Hawakusema kuwa kuhasi hakusaidii. Walisema namba kamili zisichukuliwe kama andiko lisilopingika. Mwelekeo wenyewe, kwamba ovari zikiondolewa mapema uvimbe hupungua, unaafikiana na tunavyojua homoni zinavyofanya kazi.

Hapa kwetu kuna rai mbili zinazoharibu mpango huo. Ya kwanza ni kwamba jike lazima azae mara moja ndipo ahasiwe, ili awe na afya au apunguze ukali. Kwa upande wa matiti, kuzaa hakumkingi, na kumsubiri azae ni kumpitisha joto moja au mawili, yaani kuachilia sehemu kubwa ya faida. Ya pili ni ile ya kumchoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ile wanayotumia akina mama, ili asiingie kwenye joto. Ndani ya sindano hiyo mna dawa ya jamii ya projesteroni, homoni ile ile inayoyasukuma matiti ya mbwa yaote uvimbe. Huzidisha hatari ya uvimbe, na huweza kuujaza mji wa mimba usaha. Anayeichoma kwa kubana matumizi anahamisha gharama tu, na huko mbele huilipa maradufu.

Kwa mbwa wetu wa kienyeji na wale wadogo, muda unaofaa ni miezi mitano au sita, kabla ya damu ya kwanza kuonekana. Kwa wale wakubwa kama shepadi wa Kijerumani, ambao hutumiwa sana kwa ulinzi, kuna mizani ya kupima. Tafiti zimeonyesha kuwa wakihasiwa kabla ya mwaka mmoja wanapata zaidi matatizo ya viungo vya miguu, na baadhi ya majike hushindwa kuzuia mkojo baadaye. Huyo ni vyema mwenyewe akae na daktari wake, na madaktari wengine hukubali kusubiri mwaka mmoja au zaidi, hata kama joto moja litapita. Jike akiwa ameshaingia kwenye joto, asihasiwe siku zile zile. Mishipa ya damu huwa imejaa na upasuaji huwa mgumu. Husubiriwa miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kwisha.

Na kwa aliyezeeka tayari, je, kuna faida? Kwa kuzuia saratani ya matiti, ni kidogo, ingawa humkinga na usaha wa mji wa mimba, ambao nao huua. Ila jike aliyekwisha kutolewa uvimbe usio wa saratani ana sababu nyingine. Utafiti wa Norwe uliochapishwa mwaka 2013 uliwagawa majike wa namna hiyo mafungu mawili. Katika waliohasiwa wakati wa kutolewa uvimbe, 36 kwa kila 100 waliota uvimbe mpya. Katika walioachwa, walikuwa 64. Ndiyo sababu Shani katika mfano wetu alihasiwa na kukatwa uvimbe katika usingizi mmoja.

Basi linalobaki kwa mwenye nyumba ni jambo dogo la mara moja kwa mwezi. Mwekee mbwa chakula, au mwombe kijana anayemlisha amshike kichwa, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi ukihitaji, kisha pitisha vidole mstari wa kushoto na wa kulia, kuanzia kinenani hadi kifuani. Epuka wiki zile nane baada ya joto, maana matiti huvimba yenyewe na yatakuchanganya. Ukikuta kitu kigumu, hata kama ni cha punje ya choroko, andika tarehe, ni titi la ngapi, upande gani, na upana wake kwa rula. Kikiwepo bado baada ya wiki nne, mpeleke kwa daktari na ile karatasi yako. Usisubiri kifikie kifuniko cha soda.